Duka la mtandaoni lionyeshe njia zipi za malipo, na kwanini kupunguza kunaweza kuongeza mauzo

"Nauza viatu na mikoba ya kike mtandaoni, niko Dar, stoo ipo Kariakoo. Duka nimetengenezewa kwa WooCommerce. Kwenye malipo nimeweka njia tisa: M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa, lipa namba, kadi, kuhamisha benki, PayPal na kulipa mzigo ukifika. Watu wanajaza kikapu vizuri tu, wakifika pale wanapotea. Kijana aliyenitengenezea anasema niongeze njia nyingine mbili tatu, mume wangu anasema nipunguze zibaki mbili. Nimsikilize nani? Wateja wangu wengine wako mikoani na wachache wapo Oman wananunulia ndugu zao huku."

Dada yangu, usimsikilize yeyote kati yao moja kwa moja, maana wote wanabishania idadi na idadi siyo penyewe. Mteja wako haji kuchagua njia ya malipo kwenye duka lako, alishachagua zamani, siku aliposajili laini na kuanza kuwekewa hela huko. Mama wa Mwanza ambaye hela yake ya biashara inakaa Airtel Money hana haja na zile njia nane nyingine, kwake ni vitu vya kuruka ili aifikie ya kwake. Sasa ukifuata ushauri wa mumeo ukabakiza mbili, tuseme M-Pesa na kadi, huyu mama umemfungia mlango kabisa. Ukimfuata kijana ukaongeza tatu, huyu mama hujampa kitu, umemwongezea vya kuruka tu. Swali la kujiuliza ni moja: huyu mtu aliyeko kwenye ukurasa sasa hivi, hela yake iko wapi, na mimi nimemwonyesha hiyo sehemu kwa haraka kiasi gani?

Nianze kwa kurekebisha jambo linalorudiwa sana na watu wa masoko. Utasikia "ukipunguza machaguo mauzo yanapanda, utafiti umethibitisha". Utafiti wenyewe ni ule wa jamu, wa Iyengar na Lepper, uliotoka 2000: kwenye duka moja kule Kalifonia waliweka meza ya kuonja, muda fulani yenye jamu 24, muda mwingine 6. Ile ya 24 ilivuta watu wengi zaidi kusimama, lakini walionunua walikuwa kama 3 kati ya 100, na kwenye ile ya 6 walikuwa 30 kati ya 100. Matokeo makubwa kweli. Ila 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo wakayajumlisha wakakuta kwa wastani athari yake ni karibu na sifuri, yaani mahali pengine machaguo mengi yanaumiza, pengine yanasaidia. Halafu jamu na malipo havifanani hata kidogo. Mtu anayeonja jamu hajui anataka ipi, ndo maana 24 zinamchosha. Mtu anayelipa anajua kabisa anataka nini. Kwa hiyo usipunguze kwa sababu ya jamu. Kuna sababu nyingine nzuri zaidi za kupunguza na ndizo nataka tuzichimbe.

Ya kwanza ni skrini yenyewe. Chukua simu ndogo ya kawaida, siyo ya kwako, azima hata ya binti wa dukani, fungua duka lako kwa bando la kawaida uweke kiatu kwenye kikapu ufike malipo. Njia tisa zenye nembo na maelezo chini ya kila moja hazienei kwenye skrini ya simu, lazima mtu ashushe kidole. HaloPesa kama iko ya nne inaweza kuwa imejificha chini, na ile ya kwanza inayoonekana mara nyingi ndo imeshatikiwa tayari, maana WooCommerce yenyewe inatiki njia iliyoko juu. Mteja mwenye haraka anabonyeza "Weka oda" bila kushuka. Kama umeweka kadi juu, basi mtu wa HaloPesa anajikuta anaulizwa namba 16 za kadi ambayo hana. Huyo harudi nyuma kutafuta, anaondoka. Kwa ripoti zako ataonekana "alichagua kadi akashindwa", kumbe hakuchagua chochote.

Ya pili ni nzito zaidi. Njia hazifanani uwezo wa kumaliza kazi, na njia mbovu inawanyang'anya wateja njia nzuri. Ile ya mitandao ya simu inakwenda hivi: mteja anabonyeza lipa, seva ya duka lako inatuma ombi kwa kampuni inayokuunganisha na mitandao, kampuni inaupelekea mtandao husika, mtandao unarusha ule ujumbe wa USSD unaojitokeza wenyewe kwenye simu ukisema lipa kiasi fulani kwa fulani, weka namba ya siri. Mteja anaweka, mtandao unakata hela, unairudishia kampuni jibu, kampuni inaliambia duka lako kwamba oda imelipwa. Mteja amefanya kitu kimoja tu, kuweka namba ya siri, na hajatoka kwenye ukurasa wako.

Sasa linganisha na lipa namba ulivyoiweka, maana najua plagini nyingi zinavyoiweka: ukurasa unaandika namba, mteja aikariri au ainakili, atoke, apige *150*00# au afungue apu ya mtandao wake, apite menyu, aandike lipa namba, aandike kiasi, ahakikishe jina, aweke namba ya siri, asubiri meseji, anakili namba ya muamala, arudi kwenye ukurasa wako ambao saa nyingine umeshajifungua upya na kikapu kimepotea, abandike. Kila hatua hapo ina watu wanaodondoka, mwingine simu inaita katikati, mwingine anakosea tarakimu. Na hata akilipa, kwako inabaki kazi ya mtu kukaa kulinganisha meseji na oda, na hapo ndo wanapoingia wale wa kutuma skrinshoti ya muamala wa uongo. Mwambie binti wako wa oda asikubali skrinshoti wala meseji iliyopelekwa kutoka simu ya mteja, aangalie salio na orodha ya miamala kwenye laini au akaunti ya biashara yenyewe, basi.

Kwa hiyo ukiweka lipa namba sambamba na M-Pesa, zote zina nembo, zote zinaonekana ni kitu kilekile, watu kadhaa ambao wangeweka namba ya siri tu wanaenda kwenye ile safari ndefu kwa sababu neno "lipa namba" wamelizoea dukani na kwenye daladala. Hukuwapa uhuru, umewapeleka njia ya kudondokea. Hapa ndipo kupunguza kunaleta mauzo.

Ya tatu watu hawaisemi kabisa na mimi naona ndo inayoharibu jina la duka: kulipa mara mbili. Lile jibu la mwisho, la kampuni kuliambia duka lako kwamba hela imeingia, linaweza kuchelewa. Mteja ameweka namba ya siri, ameshapata meseji ya kukatwa, afu ukurasa wako unaandika "Malipo hayajakamilika, chagua njia nyingine" na chini yake zimepangwa njia nane. Mwenye wasiwasi anaondoka akiwa ameshalipa anaanza kukupigia simu usiku. Mwenye haraka anachagua nyingine analipa tena. Baadaye jibu la kwanza linafika, oda moja hela mbili, inabidi umrudishie na makato juu. Ukurasa wenye njia nyingi unaalika hili litokee. Dawa yake ni kwamba baada ya ombi kutumwa ukurasa usionyeshe njia yoyote, uandike "Tumetuma ombi kwenye simu yako, weka namba ya siri. Kama umeshakatwa, usilipe tena, tunahakiki", na seva iulize hali ya muamala kwa kampuni ya malipo kabla ya kuruhusu jaribio jipya. Mwambie kijana wako hilo kwa maneno hayohayo, ataelewa.

Na wakati yuko huko aangalie jina linalotokea kwenye ule ujumbe. Duka linaitwa jina moja, ujumbe unasema lipa kwa kampuni nyingine kabisa ambayo mteja hajawahi kuisikia, kwa sababu jina lililosajiliwa ni la kampuni ya malipo. Kwa jinsi watu walivyochoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu makini anakataa na yuko sahihi kabisa. Kama jina haliwezi kubadilishwa, liandike kwenye ukurasa kabla hajabonyeza: "Kwenye simu utaona jina hili". Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko njia mpya ya malipo.

Haya, njia zako tisa zinakuwaje. Zile nne za simu zifanye moja, iitwe "Lipa kwa simu", na chini yake nembo nne ndogo ili mtu wa HaloPesa asijione amesahauliwa. Akiichagua unamwuliza namba, mfumo unakisia mtandao kutokana na mwanzo wa namba, 075 ni Voda, 071 ni Yas, 078 ni Airtel, 062 ni Halotel na kadhalika. Lakini neno ni "unakisia". Tangu 2017 hapa Tanzania mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake ileile, kwa hiyo 075 inaweza kuwa leo iko Airtel. Weka mtandao uliokisiwa ukiwa umeshachaguliwa, na pembeni mteja aweze kuubadili kwa mguso mmoja. Duka lisiloacha nafasi hiyo linatuma ombi mtandao usio sahihi, ombi halifiki kamwe, na mteja anakaa anaangalia simu kimya. Na kwenye Mixx by Yas andika pia kwamba ndo ile Tigo Pesa ya zamani, jina lilibadilika Novemba 2024 na bado kuna wateja wanatafuta Tigo Pesa kwa macho hawaioni.

Kitu kingine kidogo kinachokosewa karibu kila mahali: namba ya kulipia na namba ya kupokea mzigo ni vitu viwili. Duka linachukua namba aliyoandika kwenye anwani linarusha ombi huko. Kumbe ile ni laini ya Halotel anayotumia kwa bando, haina hata mia, hela iko kwenye laini ya Voda ya kwenye simu ya batani. Au anayelipa ni mume, anayepokea ni mke. Weka kisanduku tofauti kimeandikwa "Namba utakayolipia", kijazwe na ile ya anwani kwa kuanzia lakini kionekane wazi na kibadilike kirahisi.

Lipa namba usiitupe. Kuna watu wanaihitaji kweli, kama anayelipa kutoka apu ya benki, au aliye na hela kwenye laini ambayo kampuni yako ya malipo haijaunganishwa nayo. Siku hizi kupitia TIPS, ule mfumo wa Benki Kuu unaounganisha mabenki na mitandao, lipa namba moja inaweza kulipwa kutoka mitandao mingine, kwa hiyo huna haja ya kuweka nne, ila ijaribu mwenyewe kwa shilingi elfu moja kutoka kila mtandao kabla ya kuandika kwamba inapokea yote. Iweke chini, kwenye kamstari kamoja "Njia nyingine za kulipa", mtu akigusa inafunguka pamoja na kuhamisha benki. Kuhamisha benki kwa kiatu cha shilingi 45,000 hakuna anayehangaika nako, lakini mwenye duka lake Morogoro akitaka jozi 60 za jumla ataihitaji njia hiyo, maana pochi za simu zina kikomo cha kiasi kwa muamala na kwa siku, kinategemea aina ya akaunti yake. Unaweza hata kuweka kwamba kikapu kikivuka kiasi fulani, benki inapanda juu yenyewe.

Kadi ni ya watu wako wa Oman, na hapa kuna mtego ambao kijana wako anaweza kuuingia akiwa na nia njema kabisa. Akisikia "ficha kadi kwa wateja wa ndani" ataangalia nchi ya kupelekea mzigo. Mama yake mteja yuko Tanga, mzigo unakwenda Tanga, kwa hiyo mfumo unasema huyu ni wa ndani, unaficha kadi. Kumbe anayelipa yuko Maskati, namba yake inaanza na +968, hana laini ya Tanzania iliyo na salio. Umemfukuza mteja mzuri kuliko wote. Njia ya malipo inafuata mlipaji, haifuati mzigo. Angalia nchi ya bili au mwanzo wa namba ya simu ya mlipaji. Kwa wa nje kadi iwe juu, kwa wa ndani isifutwe, ishuke chini, maana wapo wenye kadi zao. Ila kwa wa ndani kadi ina milango mingi ya kukwama: baadhi ya kadi za benki zinataka ziwezeshwe kwanza kwa manunuzi ya mtandaoni, afu ile OTP ya benki inakwenda kwenye namba iliyosajiliwa benki ambayo pengine mtu alishaipoteza.

PayPal, kabla hatujazungumza mteja, ingia kwenye akaunti yako uone kama kwa hapa Tanzania inakuruhusu kupokea hela na kuitoa, siyo kutuma tu. Kama hairuhusu, hiyo nembo inapotosha watu, itoe leo. Na kama inaruhusu, bado wale wa Oman wenye kadi wanahudumiwa na njia ya kadi, kwa hiyo inabidi ithibitishe kazi yake.

Kulipa mzigo ukifika naipenda kwa duka changa, kwa sababu inatatua kitu ambacho njia nyingine haziwezi: mtu hakujui. Lakini inawezekana pale tu ambapo mtu wako wa bodaboda ndiye anayekabidhi. Mzigo wa Mwanza unaoupakia kwenye basi hauna wa kupokea hela kule, kwa hiyo kumwonyesha mtu wa Mwanza njia hiyo ni kumdanganya, atachagua, utampigia kumwambia haiwezekani, na hapo umempoteza akiwa ameshafurahi. Ionekane Dar peke yake. Kwenye WooCommerce hii ni kazi ya mistari michache, mpe kijana:

```php
add_filter('woocommerce_available_payment_gateways', function ($njia) {
    if (is_admin() || ! WC()->customer) {
        return $njia;
    }
    if (WC()->customer->get_shipping_state() !== 'TZ02') {
        unset($njia['cod']);
    }
    return $njia;
});
```

TZ02 ndo Dar es Salaam kwenye orodha ya mikoa ya WooCommerce. Hapa tunaangalia anwani ya mzigo kwa makusudi, kwa sababu kwenye njia hii mlipaji ndiye mpokeaji. Kama kuna sehemu za Dar ambazo boda wako hafiki, aongeze masharti ya eneo. Na kama unaumizwa na wanaoagiza wakakataa mzigo, omba nauli ya boda kwanza kwa simu, kiatu alipie akikiona. Asiye na nia hatalipa hata hiyo nauli.

Kwa hiyo dada wa Mbagala ataona mbili, Lipa kwa simu na Lipa mzigo ukifika. Mama wa Mwanza ataona moja kubwa, Lipa kwa simu. Wa Maskati ataona kadi. Wote wana kile kimstari cha njia nyingine chini. Hujaondoa hata njia moja yenye wateja, ila hakuna anayeona zaidi ya mbili kwa mpigo.

Sasa tupige hesabu, namba hizi ni za mfano tu lakini zako utazitoa kwenye orodha ya oda, maana hata zilizokwama zinabaki zimeandikwa njia na hali yake. Tuseme kwa mwezi watu 200 wanafika malipo. 50 wanaondoka bila kugusa kitu. 90 wanachagua mitandao ya simu, wanaomaliza ni 63, yaani 7 kati ya kila 10. 36 wanachagua lipa namba, wanaomaliza 12. 16 wanachagua kadi, wanaomaliza 4. 8 wanachagua kulipa mzigo ukifika, 7 wanapokea. Jumla oda 86.

Lipa namba na kadi zimechukua watu 52 zikatoa oda 16. Ukizishusha chini, tuseme 12 kati yao wanakasirika wanaondoka kabisa na 40 wanahamia Lipa kwa simu. Wakimaliza kwa kiwango kilekile cha 7 kati ya 10, unapata 28 badala ya 16. Jumla inakuwa 63 na 28 na 7, oda 98. Umepoteza watu 12 waziwazi na bado umeuza zaidi. Lakini usilale na hesabu hiyo, kwa sababu wale 40 huenda siyo watu wa aina moja na wale 90. Huenda walichagua lipa namba kwa sababu hela iko benki. Kama wanaomaliza ni 4 tu kati ya 10, unapata 16 zilezile ulizokuwa nazo na hujapata kitu. Ndo maana nasema shusha, usifute.

Na ukishabadilisha usikimbilie kusema imefanya kazi. Kwa duka la watu 200 kwa mwezi, tofauti ya oda 12 inaweza kuletwa na mishahara kutoka mapema, na Idi, na tangazo moja lililosambaa. Ukilinganisha, linganisha mwezi kamili na mwezi kamili, siyo wiki ya mwisho wa mwezi na wiki ya katikati. Kwa ukubwa wako kuna kitu kinachofundisha haraka kuliko takwimu: chukua oda 20 za mwisho zilizokwama, pigia kila mmoja, muulize kwa upole ilikwama wapi. Usiulize "kwanini hukulipa", atajitetea tu. Uliza "simu ilikuletea ujumbe wa kuweka namba ya siri?" Akisema haukuja, tatizo ni mtandao uliokisiwa vibaya au namba siyo ya kulipia. Akisema ulikuja ila hakulijua lile jina, unajua cha kuandika. Akisema ulikuja ukapotea, alikuwa anatafuta salio la kuongeza, basi mpe nafasi ya kutumiwa ombi upya bila kuanza oda mwanzo.

Kampuni ya malipo nayo inakupa sababu ya kila kilichokwama, usikubali ripoti inayosema "imeshindikana" tu. Kwa wasomaji wa Kenya mnaotumia Daraja ya Safaricom, ResultCode ya 1 ni salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi mwenyewe, 1037 simu haikupatikana au hakujibu. Kwetu kila kampuni ina namba zake, ziombe na maana zake. Oda nyingi zikiwa za salio kutotosha, hakuna njia ya malipo itakayokuokoa. Hapo angalia kama gharama ya kusafirisha inajitokeza kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa wa malipo, maana mtu aliweka 45,000 kwenye simu kwa ajili ya kiatu cha 45,000, afu anadaiwa 52,000.

Njia mpya iongeze kwa sharti moja: kuna watu unaoweza kuwataja, wameomba, na hakuna njia uliyonayo inayofika mahali hela yao ilipo. Wateja watano wa Bujumbura wakikuandikia kwamba hawana kadi, hao ni sababu. Kijana kuona plagini ya bure siyo sababu, kila njia unayoongeza ni kitabu kingine cha kulinganisha mwisho wa mwezi na mlango mwingine wa kulinda.

Kuna mahali ambapo maelezo ya kuandikiana hayatoshi. Kama kuna wateja hata wawili waliokatwa hela na oda haikujulikana imelipwa, usibadilishe chochote kwenye ukurasa kwanza, nenda na namba za miamala, tarehe na saa hadi ofisi ya kampuni yako ya malipo, ukae na fundi wao aangalie kama majibu yao yanafika kwenye seva yako. Mara nyingi ni anwani ya kurudishia majibu iliyobadilika tovuti ilipohamishwa, na kwa simu watakuzungusha. Kama hela inayoingia benki hailingani na jumla ya oda ukitoa makato, kaa na mhasibu na taarifa ya miezi miwili mitatu kabla ya kuongeza njia yoyote. Na kama kampuni inayokusanya hela zako haiwezi kukuonyesha leseni ya Benki Kuu ya kutoa huduma za malipo, usiache salio likae kwao, hamisha kila siku huku unatafuta nyingine.